Mchepuko sanifu kwa karatasi sita: jinsi ya kutengeneza karatasi za kujaza hatua

Tangu nianze kugawana karatasi hizi na walimu wenzangu wa twisheni hapa Dar es Salaam, maswali ninayoulizwa ni yale yale matatu: nianze kufuta hatua ipi, nifute hatua ngapi kwa mara moja, na kwa nini wanafunzi wangu wanajaza karatasi zote vizuri kisha wanashindwa swali zima. Nimeamua kuyajibu yote kwa pamoja, kwa kutumia mada moja tu, ambayo ni mchepuko sanifu wa sampuli ndogo. Ukishazitengeneza karatasi za mada hii mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, utaona jinsi ya kuzitengeneza za mada nyingine.

Wazo lenyewe ni jepesi. Mwanafunzi anapewa kwanza mfano uliokokotolewa wote. Kisha anapewa mfano mwingine, wenye namba nyingine, ambao hatua yake ya mwisho imeachwa wazi ili aijaze. Mfano unaofuata unakosa hatua mbili za mwisho, na mapengo yanaendelea kuongezeka hivyo hivyo hadi karatasi inabaki na data peke yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Unahitaji kikokotoo cha kawaida, karatasi za A4, na kompyuta yenye Excel au LibreOffice Calc kwa ajili ya kuhakiki majibu yako mwenyewe. Huhitaji kuwa na mashine ya kuchapisha, kwani fotokopi za steshenari zinatosha, ilimradi maandishi yako ya mkono yasomeke.

Unahitaji pia kujua jambo moja kuhusu kozi unayoifundisha: je, wanafunzi wako wanagawanya kwa n au kwa n − 1? Vitabu vinatofautiana, na mwanafunzi hana kosa kama mwalimu wake wa shule alimfundisha kugawanya kwa n. Mwongozo huu unatumia n − 1, yaani unachukulia kwamba data ni sampuli:

```
s = √( Σ(x − x̄)² / (n − 1) )
```

Kama kozi yako inagawanya kwa n, mfuatano wa hatua haubadiliki, lakini itakubidi uchague namba upya kwa njia nitakayoieleza katika hatua ya 3, la sivyo majibu yatatoka na desimali ndefu.

Hatua za kutengeneza karatasi

1. Ivunje kazi katika vipande na uvipe herufi. Kaa chini ukokotoe mfano mmoja wewe mwenyewe, polepole, ukiandika kila kitu ambacho kwa kawaida unakifanya kichwani. Kwa mchepuko sanifu mimi ninapata vipande sita: A ni kutafuta wastani, B ni kutoa wastani kutoka kwa kila namba ili kupata michepuko, C ni kutafuta kipeo cha pili cha kila mchepuko, D ni kujumlisha vipeo hivyo, E ni kugawanya jumla hiyo kwa n − 1, na F ni kutafuta kipeuo cha pili cha kilichopatikana.

Herufi hizi zikae pale pale katika karatasi zote sita, kwa mpangilio ule ule wa mistari, kwa sababu mwanafunzi anapaswa kutumia akili yake kwenye hesabu na si kwenye kutafuta mahali pa kuandika. Angalia pia tahajia yako. Kipeo na kipeuo vinatofautiana kwa herufi moja tu, na nimewahi kuona karatasi nzima ambayo kipande F kilimwagiza mwanafunzi atafute kipeo cha pili. Wale waliotii maandishi walikosa, na wale ambao hawakuyasoma walipata.

2. Panga mapengo kuanzia mwisho. Hili ndilo jibu la swali la kwanza. Futa F kwanza, kisha E na F, na uendelee kurudi nyuma kuelekea A. Sababu ya kwanza ni ya kikazi: ukianza kwa kufuta A, na mwanafunzi akakosea wastani, basi kila kitu kinachofuata kinaharibika, nawe hutajua kama anaelewa vipeo au haelewi. Ukianza kufuta mwishoni, mwanafunzi anaingia kwenye pengo akiwa na namba sahihi mkononi, hivyo kosa lolote utakaloliona ni la pengo lile lile.

Sababu ya pili inatokana na utafiti. Mwaka 2002, Alexander Renkl, Robert Atkinson na wenzao walichapisha majaribio yaliyolinganisha kufuta kuanzia mwisho na kufuta kuanzia mwanzo, na matokeo yalielemea upande wa kuanzia mwisho. Majaribio yao ya mwaka 2004 yaliongeza jambo ambalo kwangu ndilo lenye manufaa zaidi darasani: mwanafunzi hujifunza zaidi kuhusu ile hatua iliyofutwa, popote ilipo. Kwa hiyo hatua ambayo hukuifuta hata mara moja usitegemee kwamba imejifunzwa, hata kama ilichapwa mbele ya macho ya mwanafunzi mara tano.

Kuhusu idadi, futa kipande kimoja kipya katika kila duru, isipokuwa pale ambapo kipande hakina uzito wake chenyewe. Kwa maoni yangu D haistahili duru yake peke yake, kwa sababu kujumlisha namba tano ambazo tayari ziko kwenye mstari hakumfundishi mtu takwimu. Ninaifuta pamoja na C. Ndiyo maana vipande sita vinanipa karatasi moja kamili na karatasi tano zenye mapengo.

3. Chagua namba kwa kuanzia kwenye jibu. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi wanapopaharakisha. Ukichukua namba zozote zilizokuja kichwani, wastani utakuwa 23.714 na mwanafunzi atatumia dakika kumi kupambana na desimali badala ya kujifunza mfuatano. Usianze na data. Anza na jibu unalolitaka, halafu rudi nyuma.

Tuseme unataka jibu liwe 3 na namba ziwe tano. Kipeo cha pili cha 3 ni 9, na kigawanyo ni 4, kwa hiyo jumla ya vipeo lazima iwe 36. Sasa tafuta michepuko mitano ya namba nzima ambayo ikijumlishwa inatoa sifuri, na vipeo vyake vikijumlishwa vinatoa 36. Nilijaribu kidogo pembeni mwa karatasi nikapata −5, 0, 1, 1 na 3. Ukiongeza wastani wowote unaoutaka, kwa mfano 45, unapata 40, 45, 46, 46 na 48. Changanya mpangilio wake, na data iko tayari: tunaweza kuziita dakika za safari tano za mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. (Namba zote za mwongozo huu nimezitunga kwa ajili ya zoezi, hakuna aliyesimama kituoni na saa.)

Ukiwa unatafuta michepuko hiyo, kumbuka kwamba namba nzima zinazojumlika kuwa sifuri hutoa jumla ya vipeo iliyo shufwa daima. Niliwahi kupoteza jioni moja nikitafuta data ya namba sita yenye jibu 3. Haipo, kwa sababu 9 mara 5 ni 45, nayo ni witiri. Kwa namba sita, tafuta jibu lililo shufwa, kama 4.

Lakini kuna jibu moja la kuepuka, nalo ni 2. Toleo langu la kwanza la karatasi hizi lilikuwa na kipande F kilichomtaka mwanafunzi atafute kipeuo cha pili cha 4. Wote walipata. Wiki iliyofuata, kwenye swali lenye 25, binti mmoja aliyekuwa anakaa dirishani aliandika 12.5 bila wasiwasi wowote. Nilipomwuliza amepataje, alisema, “Mwalimu, si tunagawanya kwa mbili? Juzi umeniwekea vema.” Alikuwa amesema kweli: nusu ya 4 ni 2, na kipeuo cha pili cha 4 ni 2, na karatasi yangu haikuwa na uwezo wa kutofautisha aliyeelewa na asiyeelewa. Ni hivyo hivyo kwa kipande C, kwa kuwa 2 mara 2 ni sawa na kipeo cha pili cha 2. Kwa hiyo katika karatasi ambayo C inafutwa kwa mara ya kwanza, usiweke mchepuko wa 2 wala −2.

4. Badilisha namba ambazo mwanafunzi angeweza kuzinakili. Kila duru iwe na data mpya, hilo ni wazi. Jambo lisilo wazi ni kwamba hata idadi ya namba inapaswa kubadilika. Karatasi zote zikiwa na namba tano, kigawanyo kitakuwa 4 kila mara, na mwanafunzi atahitimisha kwamba mchepuko sanifu ni kugawanya kwa 4. Badilisha idadi hasa katika ile karatasi ambayo E inafutwa kwa mara ya kwanza. Hizi ndizo namba ninazozitumia mimi, nawe unaweza kuzichukua kama zilivyo:

| Karatasi | Data | Wastani | Jumla ya vipeo | Kigawanyo | Jibu | Mapengo |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 0 | 46, 40, 48, 45, 46 | 45 | 36 | 4 | 3 | hakuna |
| 1 | 57, 65, 53, 64, 61 | 60 | 100 | 4 | 5 | F |
| 2 | 23, 14, 19, 24, 17, 23 | 20 | 80 | 5 | 4 | E, F |
| 3 | 31, 24, 35, 29, 31 | 30 | 64 | 4 | 4 | C hadi F |
| 4 | 68, 75, 70, 66, 72, 68, 71 | 70 | 54 | 6 | 3 | B hadi F |
| 5 | 7, 9, 12, 8, 10 | 9.2 | 14.8 | 4 | 1.92 | A hadi F |

Karatasi ya 5 imeachwa na desimali kwa makusudi, kwa sababu mtihani hautamchagulia mwanafunzi namba nzuri, na ni heri akutane na wastani wa 9.2 mbele yako kuliko mbele ya msimamizi.

Kabla ya kupeleka steshenari, hakiki data ya kila karatasi kwenye kompyuta, ukiiandika kuanzia seli A1 kushuka chini, na ukibadilisha A5 kuwa A6 kwa Karatasi ya 2 na kuwa A7 kwa Karatasi ya 4:

```
=STDEV.S(A1:A5)
```

Usitumie `STDEV.P`, ambayo inagawanya kwa n. Kwa Karatasi ya 0 ile ya kwanza itakupa 3 na hii ya pili itakupa 2.68. Baadhi ya vikokotoo navyo vinatoa majibu hayo mawili chini ya alama tofauti, s na σ, kwa hiyo hakikisha wewe na wanafunzi mnasoma alama moja.

5. Andika karatasi yenyewe, na uache mstari mtupu kweli. Hii ndiyo Karatasi ya 2 kama inavyotoka steshenari:

```
Sahani za chipsi zilizouzwa kwa siku sita:
23   14   19   24   17   23

A. Wastani:         120 ÷ 6 = 20
B. Michepuko:       3  −6  −1  4  −3  3   (jumla: 0)
C. Vipeo vya pili:  9  36  1  16  9  9
D. Jumla ya vipeo:  80
E. ______________________________
   Kwa nini kigawanyo hicho? ____________
F. ______________________________
   s = ______
```

Tazama kwamba mbele ya E hakuna kitu. Walimu wengi huandika “80 ÷ __ = __” wakidhani wanamsaidia mwanafunzi, kumbe wamekwisha kumwambia kwamba hatua hiyo ni ya kugawanya, na kilichobaki ni kubahatisha namba moja. Kukumbuka kwamba sasa ni zamu ya kugawanya ndiyo nusu ya kazi yenyewe. Vivyo hivyo, urefu wa mistari uwe sawa kila mahali, maana mwanafunzi mjanja hupima jibu kwa urefu wa pengo.

Chini ya pengo jipya la kila duru weka swali moja fupi la “kwa nini”, na liwe moja tu. Bila swali hilo, mwanafunzi anaweza kujaza kwa kuiga Karatasi ya 0 mstari kwa mstari. Kwa F, kama data ni alama za mtihani, swali linaweza kuwa: jibu lako sasa liko katika kipimo gani, alama au alama za kipeo cha pili? Kwa C linaweza kuwa: kwa nini tusijumlishe michepuko yenyewe? Kwa E, ambalo ndilo gumu, mwonyeshe namna ya kujijibu kwa kidole. Afunike mchepuko wa mwisho katika mstari wa B, kisha ajaribu kuutaja kwa kuangalia mitano iliyobaki. Kwa kuwa yote sita lazima ijumlike kuwa sifuri, na mitano inayoonekana jumla yake ni −3, uliofunikwa hauna budi kuwa 3. Kwa hiyo michepuko iliyo huru ni mitano tu, nayo ndiyo kigawanyo. Maelezo marefu zaidi ya hapo yaache kwa siku nyingine.

6. Weka majibu kwenye karatasi hiyo hiyo. Andika hatua zilizofutwa, zikiwa zimekokotolewa kwa ukamilifu, sentimita tano za mwisho chini ya ukurasa, kisha kunja sehemu hiyo kuelekea nyuma na uibane kwa pini. Mwanafunzi anajaza, anafungua, analinganisha mstari kwa mstari, na anasahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine bila kufuta alichoandika mwanzo. Akisubiri hadi kesho kusahihishiwa, ataingia duru inayofuata akiwa bado na kosa lile lile.

7. Simamia mpito kutoka duru moja hadi nyingine. Karatasi ya 0 ibaki mezani hadi Karatasi ya 2 imalizike, kisha ikusanye. Aliyejaza pengo jipya kwa usahihi na akajibu swali la “kwa nini” kwa maneno yake mwenyewe anaendelea mbele. Aliyekosa asirudie karatasi ile ile, kwa sababu sasa anakumbuka jibu. Mpe karatasi pacha, yenye mapengo yale yale na data nyingine. Hivyo tengeneza pacha wa kila karatasi kuanzia ya 1 hadi ya 4. Ukishazoea kurudi nyuma kutoka kwenye jibu, pacha mmoja unachukua dakika chache.

Usiwalazimishe wote waanze mwanzo. Kwa mwanafunzi ambaye tayari anaijua njia, mfano uliokokotolewa ni mzigo wa kusoma tu. Mpe Karatasi ya 5 kwanza. Akiimaliza salama, mpeleke kwenye mada nyingine, na akikwama, mrudishe kwenye karatasi ambayo pengo lake la kwanza ni pale alipokwama.

Kusoma makosa yanaporudi

Kwa kuwa namba zimechaguliwa kwa makusudi, kila kosa la kawaida linatoa jibu lake la pekee, nawe unaweza kulitambua bila kumsumbua mwanafunzi kwa maswali mengi. Tuanze na Karatasi ya 2. Jibu sahihi ni 4. Aliyeandika 3.65 amegawanya kwa 6 badala ya 5. Aliyeandika 4.47 amegawanya kwa 4, maana yake amenakili kigawanyo cha Karatasi ya 0 bila kuhesabu namba zilizo mbele yake, na huyu ndiye uliyemtegea mtego. Aliyeandika 16 amefika E akasahau F, na aliyeandika 8 amegawanya 16 kwa mbili.

Katika Karatasi ya 3, ambapo michepuko iliyochapwa ni 1, −6, 5, −1 na 1, kosa linaloonekana zaidi ni la kikokotoo. Mwanafunzi anabonyeza −6 kisha alama ya kipeo bila mabano, na kikokotoo kinampa −36, kwa sababu kinatafuta kipeo cha 6 kwanza na kuweka alama ya kutoa baadaye. Jumla yake inakuwa −10, na akifika F kikokotoo kinamwandikia kosa. Mwambie atumie mabano, au aelewe kwamba alama ya kutoa inapotea na abonyeze 6 tu. Mwingine atazidisha kila mchepuko kwa 2. Huyo jumla yake itakuwa 0, au 28 kama amepuuza alama za kutoa. Ukiona 28, usimfundishe mchepuko sanifu siku hiyo. Mrudishe kwenye maana ya kipeo cha pili kwa dakika tano, kisha mpe pacha.

Karatasi ya 4 ina kosa ambalo lilinichukua muda mrefu kulitambua. Mwanafunzi anaandika michepuko, anajumlisha, anapata sifuri, anajiwekea vema, halafu anamaliza na 3.29. Kila kitu kinaonekana sawa. Ukihesabu michepuko yake utaikuta sita na si saba: ile namba 70 ilikuwa sawa na wastani, mchepuko wake ni 0, naye ameona hauna haja ya kuandikwa. Jumla ya vipeo imebaki 54, kwa kuwa sifuri haiongezi chochote, lakini n yake imekuwa 6 na kigawanyo 5. Ule uhakiki wa jumla kuwa sifuri hauwezi kumkamata, kwa hiyo kwenye mstari wa B wa karatasi hii ongeza swali jingine dogo: umeandika michepuko mingapi? Kinyume chake, aliyeiandika 68 mara moja tu ilhali imetokea mara mbili atakamatwa na jumla, ambayo itakuwa 2 badala ya 0.

Katika Karatasi ya 5, jibu la 1.94 linatoka kwa yule aliyekadiria wastani 9.2 kuwa 9. Michepuko yake inajumlika kuwa 1. Onyesha hiyo 1 kwanza, umwache atafute mwenyewe ilikotoka.

Mambo yanapokwama

*Wanafunzi wanajaza karatasi zote vizuri, lakini wanashindwa swali zima.* Kagua kwanza kama kweli ulifika kwenye karatasi isiyo na kitu ila data. Walimu wengi huishia kwenye karatasi yenye A iliyojazwa, na kumbe mwanafunzi hajawahi kuanza mwenyewe hata mara moja. Kama ulifika, tazama kama herufi A hadi F zimebaki zimechapwa pembeni. Mpe toleo jingine la Karatasi ya 5 lisilo na herufi wala majina ya hatua. Na kama hapo pia amefaulu, basi tatizo lake si hesabu. Hajui ni swali gani linalotaka mchepuko sanifu na lipi linalotaka wastani tu. Karatasi hizi haziwezi kumfundisha hilo, kwa sababu kila moja inamwambia tangu juu nini cha kutafuta. Mchanganyie maswali matatu ya mada tofauti, asiyakokotoe, aseme tu kila moja linataka nini.

*Wanafungua mkunjo kabla ya kujaza.* Kata sehemu ya majibu ubaki nayo mkononi, umpe kila anayekuletea karatasi iliyojazwa. Katika darasa la watu zaidi ya thelathini hili linachosha, kwa hiyo mimi huweka majibu kwenye meza ya mbele na kila mmoja anakuja na karatasi yake.

*Swali la “kwa nini” linajibiwa “kwa sababu ndiyo kanuni”.* Swali lako ni pana mno. Badala ya “kwa nini umegawanya kwa 5”, muulize “kigawanyo kingekuwa ngapi kama siku zingekuwa tisa, na kwa nini”. Asiyeelewa ataandika 9 au 5, na utamwona papo hapo.

*Muda hautoshi kwa karatasi sita.* Usiruke Karatasi ya 0 wala ya 5. Katikati, angalia makosa ya darasa lako uchague. Kwangu mimi, nikilazimika kubaki na mbili, ninabaki na ya 2 na ya 4, kwa kuwa E na B ndipo penye makosa yasiyoonekana kwa macho, ilhali kosa la kipeo bila mabano utalitambua katika ya 4 kwa jibu lake, ambalo litakuwa 1 badala ya 3. Katika hali hiyo, bandika data ya Karatasi ya 2 kwenye ubao ikiwa imekokotolewa kabla ya kugawa ya 4, maana kutoka mapengo mawili hadi matano ni mruko mkubwa, na C na D hazitakuwa zimefutwa hata mara moja kabla ya hapo.

*Fotokopi imefuta alama za kutoa.* Hili hutokea wino wa mashine ukipungua: −6 inatoka 6, mstari wa B unajumlika kuwa 20 badala ya sifuri, na darasa zima linakuletea swali moja. Andika alama za kutoa kwa kalamu nzito kwenye nakala mama, kisha ujumlishe mstari wa B kwenye nakala ya kwanza kabla hujaondoka steshenari.